Kuhama nyumba na kuhamisha anwani: Mtaani kwanza, benki mwisho

Anwani ya mfanyakazi wa Tanzania hukaa katika kumbukumbu zisizopungua nne: daftari la wakazi la serikali ya mtaa, kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), jalada lake kwa mwajiri, na taarifa za mteja benki. Mtu anapohama, hakuna kati ya hizo inayoipasha nyingine habari. Benki huweza kuuliza NIDA kama alama ya kidole ni ya mtu fulani, lakini NIDA isipoulizwa haiiambii benki kwamba mtu huyo sasa analala Dodoma. Kila ofisi hubaki na jibu lililoandikwa siku ilipouliza mara ya mwisho.

Ndiyo maana mpangilio wa kuzizungukia ofisi hizo una uzito kuliko haraka. Kila ofisi hudai ushahidi, na ushahidi huo hutolewa na ofisi nyingine. Anayeanza benki hurudishwa akatafute barua ya mtaa, na anayeanza NIDA hurudishwa huko huko. Njia yenye mizunguko michache huanzia kwa mtendaji wa mtaa, hupita NIDA, huenda kwa mwajiri na kuishia benki, pamoja na jambo moja la benki linalotangulia yote, litakaloelezwa mahali pake.

Ili njia hiyo ionekane vizuri, achukuliwe mfanyakazi wa kampuni binafsi aliyeajiriwa Mwanza, akapanga nyumba kata ya Nyakato, na sasa mwajiri wake amemhamishia ofisi ya Dodoma. Amepata nyumba ya kupanga kata ya Nzuguni. Akaunti yake ya mshahara ilifunguliwa kwenye tawi la Mwanza, na namba yake ya NIDA aliipata akiwa huko.

Kazi ya kwanza huifanya kabla ya kufunga mizigo. Anakwenda kwa mtendaji wa mtaa anaouacha na kuomba barua inayosema kwamba alikuwa mkazi wa pale na kwamba anahama. Wengi huiona ya ziada, na kweli si kila mtaa unaopokea mgeni utaidai. Lakini mtendaji wa Nzuguni anaombwa amtambulishe mtu asiyemjua, na barua ya mwenzake yenye muhuri humpa mahali pa kuanzia. Ikikosekana, kuifuata Mwanza kutoka Dodoma ni safari ya siku nzima kwa basi kwa ajili ya karatasi moja.

Akishafika, jambo la kwanza ni kuipata anwani yenyewe kwa usahihi, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Barabara na njia zilipewa majina, nyumba zikapewa namba, na taarifa zikaingizwa katika mfumo wa kidijitali unaojulikana kwa ufupisho wa NaPA, ambao una programu ya simu. Anwani kamili ina namba ya nyumba, jina la barabara au njia, kata, na postikodi yenye tarakimu tano. Tarakimu ya kwanza ya postikodi huonyesha kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Kwa hiyo postikodi za mkoa wa Mwanza huanza na 33 na za Dodoma huanza na 41. Mtu anayeandika Nzuguni na kuweka postikodi inayoanza na 33 amejaza anwani inayojipinga yenyewe, na karani makini ataona.

Namba ya nyumba isisomwe kwenye kibao peke yake. Vibao vingine vimebandikwa upya, vingine vimeng'oka, na nyumba zilizojengwa baada ya operesheni huenda hazina kabisa. Njia salama ni kuilinganisha na kilichomo katika NaPA, na ikiwa havilingani, mtendaji wa mtaa au ofisi ya kata ndiyo ya kuulizwa kabla ya kujaza fomu yoyote. Kosa likiingia kwenye barua ya mtaa, litanakiliwa NIDA, kisha kwa mwajiri, kisha benki, na kila nakala itaonekana kuthibitisha nyingine.

Fomu zenyewe zina mtego wao. Nafasi iliyoandikwa "mtaa" katika fomu moja hutaka jina la eneo la utawala linaloongozwa na mwenyekiti na mtendaji. Katika nyingine hutaka jina la barabara ambayo nyumba inatazamana nayo. Mhamaji afanye uamuzi mmoja: aandike vyote viwili, barabara na mtaa wa kiutawala, kwa mpangilio na tahajia ile ile kila mahali. Fomu yenye nafasi finyu isimfanye aache kimoja leo na kingine kesho.

Ushahidi wa makazi ni jambo lingine ambalo miongozo iliyoandikwa kwa nchi nyingine haisaidii. Huko huambiwa mteja alete ankara ya umeme. Tanzania nyumba nyingi za kupanga hutumia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mita imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba au la aliyekuwa mwenye nyumba. Risiti ya LUKU haimtaji mpangaji popote. Ankara ya maji nayo kwa kawaida ina jina la mwenye nyumba. Kinachobaki ni mkataba wa pango, nao huwa na jina la mtu mmoja tu katika kaya. Mke ambaye mkataba umeandikwa kwa jina la mume, au kijana anayekaa kwa mjomba, hana karatasi nyingine isipokuwa barua ya serikali ya mtaa. Ndiyo maana barua hiyo, ambayo wengine huidharau kama desturi ya kizamani, kwa kweli ndiyo mzizi wa shughuli yote.

Barua ya utambulisho inayofaa ina mambo machache ambayo yakikosekana itakataliwa mbele ya safari. Iwe na majina matatu yaliyoandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, siyo jina analoitwa nyumbani. Iwe na picha ndogo ya mhusika, na muhuri ulioangukia nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi ili picha isiweze kubadilishwa. Iwe na anwani kamili, tarehe, saini, na cheo cha aliyesaini. Mjumbe wa shina anaweza kumpeleka mgeni kwa mtendaji na kusema "huyu namfahamu", lakini saini yake peke yake haitoshi benki wala NIDA. Mhamaji atoe nakala kadhaa siku hiyo hiyo na, pale inapowezekana, aombe barua zaidi ya moja zenye muhuri halisi, kwa sababu NIDA na benki zote huweza kubaki na ya asili. Kama anaombwa mchango ofisini, aombe na risiti yake.

Hatua ya pili ni ofisi ya NIDA ya wilaya anakoishi sasa. Hapa hofu moja iondolewe mapema. Namba ya utambulisho wa taifa ina tarakimu ishirini: nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, tano zinazofuata ni postikodi ya mahali mtu alipoandikishwa, kisha tano za mfuatano na mbili za mwisho. Mfanyakazi wetu atabaki na 33 katikati ya namba yake maisha yake yote, hata akizeekea Dodoma. Namba haihami na mtu. Kinachohuishwa ni taarifa za makazi zilizo nyuma ya namba hiyo, na anayekwenda NIDA akidai namba mpya kwa sababu amehama anaomba kitu kisichokuwepo.

Ofisini atatakiwa kutofautisha mambo mawili ambayo mezani huonekana sawa. Kurekebisha ni kusahihisha kilichoandikwa vibaya tangu mwanzo, kama herufi iliyokosewa katika jina. Kubadili ni kuandika jambo jipya lililotokea baadaye. Aliyehama anabadili. Akijaza kana kwamba anarekebisha, anatamka kwamba anwani ya Nyakato haikuwa kweli siku alipojiandikisha, nayo ilikuwa kweli. Huenda akaulizwa maswali ambayo hakuwa na sababu ya kuyajibu. Anakwenda na barua ya mtaa, kitambulisho au namba yake, na alama za vidole hutumika kuthibitisha kuwa ndiye mwenyewe. Ada inayodaiwa hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu. Fedha taslimu haziwekwi mkononi mwa mtu.

Sehemu ya fomu inayostahili kusomwa mara mbili ni ile inayotenganisha makazi ya sasa na makazi ya kudumu. Makazi ya sasa ni hapo Nzuguni. Makazi ya kudumu, kwa Watanzania wengi wanaoishi mijini, ni kwao: kijijini kwenye shamba na makaburi ya wazee, au kwenye nyumba aliyojenga mwenyewe. Nyumba ya kupanga ya mkataba wa mwaka mmoja haipaswi kufuta makazi ya kudumu ya mtu. Wanaojaza Nzuguni mahali pote pawili ili fomu iishe upesi hujikuta baadaye hawana ushahidi wa maandishi wa kwao, wakati wa mirathi au wa kumwandikisha mtoto kijijini.

Kabla ya kuondoka kaunta, aombe kuoneshwa au kusomewa kilichoingizwa. Karani anayechapa kwa haraka anaweza kuchagua kata ya jirani kwenye orodha, na kosa hilo hurekebishwa kwa dakika moja siku hiyo na kwa safari nyingine baada ya hapo. Stakabadhi ya maombi itunzwe. Mwajiri na benki wasisubirishwe mpaka NIDA imalize kazi yake. Stakabadhi hiyo pamoja na barua ya mtaa vinatosha kuendelea, na mtu aliyesubiri mpaka kila kitu kikamilike hufika mwezi wa sita akiwa bado ana anwani ya Mwanza kila mahali.

Kwa mwajiri shughuli huonekana nyepesi, barua moja kwa ofisi ya rasilimali watu, lakini ndipo penye jambo ambalo mtu anaweza kulipoteza bila kujua. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yenye, pamoja na mengine, jina, umri, anwani ya kudumu na jinsi yake, na mahali alipoajiriwa. Maelezo hayo yakibadilika, mwajiri hupaswa kuyahuisha kwa maandishi. Anwani ya kudumu na mahali alipoajiriwa ni vitu viwili vilivyokaa karibu kwenye karatasi moja, na vina kazi tofauti kabisa.

Mahali alipoajiriwa hupata maana siku ajira inapokwisha. Kifungu cha 43 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba mkataba ukisitishwa mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri atamsafirisha yeye na mizigo yake hadi huko, au atalipia usafiri huo, pamoja na posho ya kujikimu ya kila siku kati ya kusitishwa na kusafirishwa. Mfanyakazi wetu aliajiriwa Mwanza. Kuhamishiwa Dodoma hakujabadili hilo. Lakini akijaza fomu ya kampuni inayosema "badilisha taarifa zangu zote kuwa Dodoma", na karani akabadilisha mpaka mahali pa ajira, basi siku ya kuachishwa kazi atakuwa anabishana na karatasi yenye saini yake mwenyewe. Haki inaweza kutetewa kwa mkataba wa awali, ila ni ubishi ambao haukuwa na lazima.

Kwa hiyo barua yake iwe fupi na iliyojifunga. Iseme kwamba kuanzia tarehe fulani makazi yake ya sasa ni anwani ya Nzuguni, na kwamba anwani yake ya kudumu na mahali alipoajiriwa havijabadilika. Aambatanishe nakala ya barua ya mtaa. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua pepe inakubalika pia ikiwa imejibiwa. Kwa mtumishi wa umma uangalifu huu huhitajika zaidi, kwa sababu mahali palipoandikwa kuwa kwao huhusika na nauli ya likizo na usafirishaji wa mizigo anapostaafu.

Katika ziara hiyo hiyo, mwajiri aombwe barua ya utambulisho kwenda benki: kwamba huyu ni mfanyakazi wetu, yupo kituo cha Dodoma, anaishi anwani hii. Hiyo ndiyo sababu ya kumweka mwajiri kabla ya benki. Benki huiamini barua ya mwajiri, hasa ya yule anayepitisha mshahara kwake, kuliko mkataba wa pango ulioandikwa kwa mkono. Anayekwenda benki kwanza huikosa silaha hiyo na hurudi kazini kuifuata.

Sasa benki. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 na kanuni zake zinazitaka benki zimtambue mteja na kuhakiki taarifa zake, na makazi ni sehemu ya taarifa hizo. Ndiyo maana ofisa hawezi kubadili anwani kwa kuambiwa tu, na ndiyo maana kadi ya mteja hujazwa upya, saini ikalinganishwa na alama ya kidole ikachukuliwa. Kidole kinapowekwa, mfumo huuliza NIDA. Ikiwa NIDA bado inasema Nyakato na fomu inasema Nzuguni, ofisa ana taarifa mbili mbele yake. Wengine hupitisha kwa barua, wengine huweka ombi pembeni mpaka ufafanuzi upatikane. Stakabadhi ya NIDA huziba pengo hilo.

Lile jambo moja la benki linalotangulia yote ni namba ya simu. Ikiwa mhamaji anabadili pia laini, benki ielezwe kabla ya laini ya zamani kuzimwa, hata kama anwani itasubiri wiki tatu. Namba za siri za kuthibitisha miamala hutumwa kwenye simu, na laini iliyoachwa bila kutumika huweza kugawiwa mtu mwingine. Anwani ya zamani husababisha usumbufu. Simu ya zamani inaweza kumfungia mtu mlango wa fedha zake au kumfungulia asiyehusika.

Mbele ya ofisa wa benki mambo matatu yaombwe kwa majina yake. La kwanza ni makazi. La pili ni anwani ya posta: akaunti nyingi za wafanyakazi bado zina S.L.P. ya ofisi ya mwajiri wa wakati ule, na mtu aliyehama kituo, au aliyeacha kazi hiyo kabisa, barua zake huendelea kuingia kwenye sanduku ambalo hana ufunguo wake. Kubadili makazi hakugusi S.L.P., na ofisa asipoambiwa hataigusa. La tatu ni tawi. Kadi mpya, ile ya zamani inapokaribia kuisha muda, kwa kawaida hupelekwa tawi linalomiliki akaunti, na kadi ya mfanyakazi wetu itakaa Mwanza ikimsubiri. Kabla ya kuomba akaunti ihamishiwe tawi la Dodoma, aulize kama namba ya akaunti itabadilika. Ikibadilika, mwajiri apewe namba mpya kabla orodha ya mishahara ya mwezi huo haijafungwa, na akaunti ya zamani iachwe wazi mpaka mshahara wa kwanza uonekane kwenye mpya.

Mwenye mkopo ana sababu kubwa zaidi. Mikataba mingi ya mikopo husema kwamba notisi iliyopelekwa kwenye anwani ya mwisho aliyoitoa mkopaji kwa maandishi itahesabiwa kuwa imemfikia. Notisi ya kuchelewesha rejesho ikisukumwa chini ya mlango wa Nyakato, ambako sasa anaishi mtu mwingine, muda wake huanza kuhesabika. Kuhuisha kumbukumbu za akaunti huenda kusihuishe jalada la mkopo wala la mdhamini. Kila moja liombwe, na kama nyumba au kiwanja kimewekwa rehani, barua ya anwani mpya ielekezwe pia kwa idara ya mikopo na ipokelewe kwa muhuri.

Kujua kama mabadiliko yameshika hakuhitaji kumwamini mtu. Baada ya siku chache aombe taarifa ya akaunti iliyochapishwa na asome kichwa chake. Anwani iliyoko pale ndiyo iliyomo mfumoni. Kwa mwajiri, aombe kuona ukurasa wa taarifa zake binafsi au barua yoyote iliyotoka kwenye mfumo. Kwa NIDA, ishara huonekana mara nyingi anapotoa kidole mahali pengine na ofisa akamsomea kata. Ikiwa taasisi inaendelea kukataa kusahihisha bila sababu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mhusika haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ombi la kwanza liwe la maandishi, kwa sababu lalamiko lisilo na nakala ya ombi halina pa kushika.

Ujumbe wa simu unaomtaka mteja "ahuishe anwani yake" kwa kubofya kiungo na kuweka neno la siri usijibiwe. Anwani hubadilishwa kwa mtu kufika tawini au kwa njia rasmi ambayo benki yenyewe imeitangaza, na hakuna hatua yoyote inayohitaji namba ya siri ya kadi.

Katika mfano huu, barua ya mtaa wa zamani huko Nyakato hupatikana wiki ya mwisho Mwanza, pamoja na kuiarifu benki namba mpya ya simu. Wiki ya kwanza Dodoma ni ya kuhakiki anwani na kupata barua ya mtaa mpya. Inayofuata ni ya NIDA na, siku hiyo hiyo au kesho yake, mwajiri. Benki huja baada ya mwajiri kutoa barua yake. Daftari la wapiga kura halimo katika mfuatano huu: Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi huwa na vipindi vyake vya uboreshaji, na aliyehama huhamisha kituo chake cha kupigia kura wakati huo, akiwa na kadi yake ya mpiga kura.

Mamlaka ya Mapato na NSSF hufuata benki. Zote mbili hutumia namba ya NIDA kumtambua mtu, na mfanyakazi asiye na biashara yake mwenyewe hahitaji kuzikimbilia kabla ya nyingine. Mwenye biashara ni tofauti. Ikiwa duka au ofisi imehama pamoja naye, ofisi ya kodi ya eneo jipya iarifiwe mapema, kwa kuwa kinachobadilika hapo ni mahali biashara inapofanyika na leseni yake, na anwani ya nyumbani inakuwa jambo dogo.